Bosi mkali au mnyanyasaji? Mtazame siku kazi imetoka safi

Shikamoo Anti. Nina miaka 28, nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Naandaa nyaraka za mizigo kabla hazijaingizwa kwenye mfumo wa forodha, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Tangu tuletewe meneja mpya sina amani. Nyaraka ananirudishia mara mbili, mara tatu. Ananipigia simu saa tatu usiku kuuliza mzigo wa mteja umefikia wapi. Nikikosea ananisema kwenye grupu la WhatsApp la ofisi nzima. Mwezi uliopita niligeuza tarakimu mbili za namba ya kontena, mzigo ukachelewa siku nne na mteja akadaiwa demareji. Nikakatwa shilingi 350,000 kwenye mshahara wangu wa 700,000, bila karatasi yoyote. Siku hiyo akaniambia mbele ya mteja, "Kazi ya ofisi huiwezi, ungeolewa tu ukapumzike." Siku hizi kikao cha Jumatatu cha kugawana mizigo siambiwi, halafu mchana ananiuliza mbona faili fulani sijalianza. Wenzangu wanasema bosi ni mkali tu, mimi ndiye laini. Mama anasema nivumilie, kazi zenyewe hakuna. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye mkoba. Anti, huyu ni mkali au ananinyanyasa?

Wa Tabata

Marahaba mwanangu. Hiyo barua iache humo humo kwenye mkoba kwanza. Sababu nitakupa mbele kidogo.

Malalamiko yako nimeyasoma na kalamu mkononi, na nikuambie mapema kwamba mengine nimeyaweka upande wa bosi wako. Kazi mnayofanya ina adhabu ya kila siku. Kontena likikaa bandarini kupita siku za bure, bandari inadai gharama za kuhifadhi, na kampuni ya meli inadai demareji, yaani malipo ya kontena lake kucheleweshwa. Namba moja ikitofautiana na iliyo kwenye orodha ya mizigo ya meli, tamko la forodha halisongi mpaka liombewe marekebisho, na hapo siku zinakwenda. Meneja wa kazi ya namna hiyo asiyerudisha nyaraka zenye kasoro ndiye wa kuogopa. Kwa hiyo hilo la kurudishiwa mara tatu, kama kila mara alikuonyesha kasoro na kasoro ilikuwepo, ni ukali wa kazi. Simu ya saa tatu usiku wakati meli imefunga gati na mteja anamsumbua, nayo naielewa. Ikiwa ni ya kila siku, hilo ni suala la saa za kazi na malipo ya ziada, na lina mahali pake pa kudaiwa, lakini peke yake halimfanyi mtu kuwa mnyanyasaji.

Sasa tuje kwenye kinachowachanganya wenzako. Wao wanapima kwa sauti: anayefoka ni mkali, na mkali ni mtu wa kazi. Nimekaa kwenye utumishi miaka mingi, na sauti ni kipimo kibovu. Palikuwa na mama mmoja mkuu wa stoo, akiingia asubuhi hata paka wa ghalani alijua. Alifoka. Lakini kila karani wake alijua anachotaka: hesabu ya rafuni ilingane na daftari, na stakabadhi ifungwe siku ile ile mzigo ulipotoka. Ukimpa hivyo, anapita mezani kwako bila neno. Mpwa wa mkurugenzi alifokewa sawasawa na mtoto wa mlinzi. Makarani waliopita mikononi mwake walikuwa wanagombewa na idara nyingine.

Halafu palikuwa na bwana mmoja mpole kweli kweli, kila sentensi ina "tafadhali". Kwenye idara yake alikuwepo binti ambaye Ijumaa jioni alipewa ripoti ya kumaliza wikiendi, na Jumatatu akaambiwa haihitajiki tena, iliyotakiwa ni nyingine. Wenzake waliambiwa kwa upole, "Tumsaidie mwenzetu, ana matatizo." Barua pepe muhimu zilizunguka ofisi nzima zikamruka yeye. Hakuwahi kupandishiwa sauti hata siku moja, na alifika mahali anajumlisha safu moja ya hesabu mara nne kwa kuwa hajiamini. Ukiwauliza watu wa ofisi ile nani bosi mnyanyasaji, wote wangekutajia mama wa stoo.

Tofauti ya wale wawili ilionekana siku kazi ilipotoka safi. Hasira ya bosi mkali ina mwisho, na mwisho wake ni kazi kukaa sawa. Kwa hiyo mtazame wa kwako siku faili limepita bila kurudi. Usitegemee pongezi. Mabosi wetu wengi pongezi yao ni kunyamaza, na mtu akinyamaza baada ya kazi nzuri amekulipa. Lakini kama faili safi nalo linaleta neno, mara "safari hii umebahatisha", mara kosa linahama kutoka kwenye namba kwenda kwenye mavazi yako au namna ulivyojibu salamu, au alichokiagiza jana leo anakikana, basi hakuna kazi utakayoifanya ikamtosha. Huyo hatafuti faili zuri.

Jambo la pili la kutazama ni kama anakupa vya kufanyia kazi au anakunyang'anya. Hapa ndipo barua yako iliponishtua, na si pale pa kuolewa. Ni kikao cha Jumatatu. Mtu anayetaka mzigo utoke bandarini hamfichi taarifa mwandaaji wa nyaraka za mzigo huo, maana anajiumiza mwenyewe. Bosi mkali sana angekuburuta kwenye kikao hata kama unaumwa kichwa. Kukuacha nje asubuhi na kukuuliza mchana mbona hujaanza ni kukutengenezea kosa ambalo hukuwa nalo. Ila kabla hujamhukumu, hakikisha. Huenda taarifa za kikao zinatumwa kwenye grupu jingine ambalo hukuingizwa, na hakuna aliyekumbuka. Hilo utalijua kwa kuuliza kwa maandishi mara moja na kuona kitakachofuata.

La tatu ni neno lenyewe linatua wapi, kwenye kosa au kwenye mtu. Chukua kosa lako la kontena, kwa sababu ni kosa la kweli na lazima ulikubali. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile tarakimu ya saba ni ya uhakiki: inapatikana kwa kukokotoa herufi na tarakimu zilizotangulia. Ukigeuza mbili za katikati, mara nyingi sana hesabu inagoma. Bosi mkali anayejua kazi angekuita, pengine kwa sauti ya kutisha, akakuambia: "Kuanzia leo hakuna namba inayotoka mezani kwako bila kuhakiki tarakimu ya mwisho, na mwenzako aisome mara ya pili kabla ya kuwasilisha. Likirudia nakuandikia onyo." Ungetoka umenuna, lakini ungetoka na kitu cha kufanya kesho. Sasa "ungeolewa tu ukapumzike" unaifanyia nini kesho asubuhi? Haina cha kurekebisha, na imesemwa mbele ya mteja ambaye ndiye kesho utampigia simu kumwomba nyaraka zilizopungua.

Wenzako watakuambia wote anawasema. Sawa, lakini mtu anayetukana ofisi nzima hajawa mwema kwa kuwa anatukana kwa usawa. Na kinyume chake, kusemwa wewe peke yako mwezi mmoja hakutoshi kuwa ushahidi, hasa ukiwa ndiwe uliyekosea mwezi huo. Linganisha kosa na kosa. Yupo mwenzako aliyewahi kukosea uzito wa mzigo au thamani ya ankara akachelewesha kontena? Alikatwa? Aliambiwa nini, na mbele ya nani? Hapo utapata jibu kuliko kuhesabu nani amefokewa mara nyingi.

Hilo la grupu la WhatsApp nimeliacha katikati makusudi. Kuandika "Faili la mteja fulani lina kosa kwenye namba, lisiwasilishwe" ni kazi, maana wengine wanalishika faili hilo hilo. Kuendelea hapo na aya tatu za kukuchambua wewe, hiyo si taarifa tena. Rudi usome ujumbe mmoja mmoja, utaona wenyewe uko upande gani.

Kwa hiyo jibu langu, kwa haya uliyoniandikia: kwenye nyaraka mzee ni mkali na ana haki. Kwenye lile neno la ndoa, kwenye kikao, na kwenye makato, amevuka. Mambo haya mawili kukaa ndani ya mtu mmoja ni kawaida, tena ndiyo sura inayowapoteza wengi, kwa sababu mfanyakazi akilalamika kwa jumla kwamba "bosi ananionea", mkurugenzi anamuuliza meneja, meneja anatoa faili la kontena mezani, na mazungumzo yanaishia hapo. Kosa lako la kweli linafunika makosa yake. Ndiyo maana nakutaka uyatenganishe kabla hujafungua mdomo kwa mkubwa yeyote.

Anza kwa kumpa nafasi ya kuonyesha yeye ni nani. Mwandikie ujumbe, si kwenye grupu, kwa barua pepe ya ofisi ikiwezekana. Uwe mfupi na usiwe na kilio ndani yake. Mfano:

"Habari za kazi Meneja. Baada ya kosa la namba ya kontena, nimeanza kuhakiki tarakimu ya mwisho ya kila namba, na kila faili linasomwa na mwenzangu kabla ya kuwasilishwa. Naomba unitajie mambo mengine unayotaka nihakikishe kabla faili halijafika kwako. Pia sijapata taarifa za vikao vya Jumatatu vilivyopita, naomba nijumuishwe ili nianze mafaili kwa wakati."

Ujumbe huo unamfaa bosi mkali kama maji ya kunywa. Atakujibu kwa mistari miwili ya ukali, lakini atakutajia anachotaka, na Jumatatu utaitwa. Ukimfikia mnyanyasaji, atakaa kimya na kikao kitakupita tena, au atakujibu "kwa nini unaniandikia barua, unatafuta ushahidi?" Mpe wiki tatu au nne. Katika wiki hizo wewe fanya kazi isiyo na kasoro kadiri unavyoweza, maana hutaujua mwisho wa hasira yake kama kila siku unampa sababu mpya.

Wakati huo huo nunua daftari dogo, likae nyumbani na si kwenye droo ya ofisi. Kila tukio liandike siku lilipotokea: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, na maneno yenyewe kama yalivyotoka. Usiandike "alinidhalilisha". Andika alichosema, msomaji ataona mwenyewe. Andika pia siku aliyokurekebisha vizuri. Najua hilo litakukera, lakini daftari lenye mabaya matupu halimshawishi mtu, na wewe mwenyewe unahitaji kujua ukweli. Ujumbe wa grupu upige picha ya skrini yenye tarehe. Nyaraka za wateja usizibebe wala usijitumie kwenye simu yako, hilo litageuka kosa lako la nidhamu na watasahau yote mengine.

Wiki hizo zikiisha na hali ni ile ile, andika malalamiko rasmi kwa afisa rasilimali watu, na kama ofisi yenu haina, kwa mkurugenzi. Toa matukio matatu au manne yenye tarehe, na useme unachoomba: kuingizwa kwenye vikao, marekebisho ya kazi yafanywe bila maneno kuhusu ndoa yako, na makato yapitiwe. Baki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa kwamba imepokelewa.

Sasa ile barua ya kwenye mkoba. Sheria yetu haina kosa linaloitwa "bosi mkali", na ukiondoka leo kwa hiari utahesabiwa umeacha kazi mwenyewe. Kanuni zilizotolewa mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Tangazo la Serikali Na. 42, zinakubali kwamba mwajiri akiyafanya mazingira ya kazi yasivumilike mpaka mtu akajiuzulu, kujiuzulu huko kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa. Lakini kama hoja yako ni kwamba umetendewa isivyo haki, utaulizwa kwanza kama ulitumia njia za malalamiko zilizopo kazini, au ulikuwa na sababu nzuri ya kutozitumia. Ukienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi bila hata barua moja ya malalamiko, unakwenda mikono mitupu. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa huko ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Watu wengi hukaa nyumbani wakipoa moyo, siku zikapita.

Kanuni hizo hizo zinamwambia mwajiri anayeona mfanyakazi hafikii kiwango afanye nini: achunguze sababu, amwelekeze, amfundishe inapohitajika, amuonye, na ampe muda wa kutosha kujirekebisha kabla hajafikiria kumwachisha. Meneja wako akisema kazi huiwezi, una haki ya kuuliza kwa adabu maelekezo yako wapi.

Lile neno la kuolewa limempeleka pabaya kuliko anavyojua. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinahesabu usumbufu dhidi ya mfanyakazi kuwa ni ubaguzi ukitokana na misingi iliyotajwa, na jinsia na hali ya ndoa zimo. Angekuita mzembe tu, ungekuwa na malalamiko ya ndani ya ofisi. Alivyoingiza ndoa, ameingia kwenye kifungu. Neno moja la siku moja halitakushindia kesi, lakini likirudiwa na likawa limeandikwa kwenye daftari lenye jina la aliyesikia, linakuwa na uzito. Yule mteja usimtegemee kama shahidi. Wateja hawapendi kuingia humo, na wenzako nao wana watoto wa shule. Ndiyo maana nakazania maandishi.

Nimeyaacha makato mwisho kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko yote na ndiyo yenye saa inayokwenda. Kifungu cha 28 cha sheria hiyo hiyo kinaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara iliyosababishwa na mfanyakazi, lakini si hivyo ulivyokatwa. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Upewe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa. Upewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya ujira wako wa fedha. Robo ya 700,000 ni 175,000. Wewe umekatwa maradufu ya hiyo kwa mkupuo mmoja, na hujui hata demareji ya siku nne ilikuwa kiasi gani, wala nani aliilipa mwishoni, ofisi au mteja.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya hayo mengine yote, mwandikie mhasibu na nakala kwa mkurugenzi: "Naomba kupatiwa kwa maandishi sababu, kiasi na mchanganuo wa makato ya shilingi 350,000 kwenye mshahara wangu wa mwezi uliopita, pamoja na nakala ya ankara ya demareji husika." Usiongeze neno juu ya meneja. Ambatisha hati ya malipo ya mshahara, weka tarehe, chukua saini ya kupokelewa. Usipojibiwa au ukijibiwa vibaya, fomu ya kupeleka mgogoro inapatikana ofisi za Tume, inajazwa na nakala anapewa mwajiri, na hatua ya kwanza ni usuluhishi. Zile siku 60 zihesabu kuanzia siku mshahara uliokatwa ulipoingia benki, usizihesabu kuanzia siku utakayojibiwa.